Jina Lako, Chupa za Mwenzio

Mnywaji wa Dar es Salaam aliyeagiza Tusker mwaka 2005 huenda alidhani bia ile imevuka mpaka kwa lori kutoka Nairobi. Haikuvuka. Ilipikwa na Tanzania Breweries, washindani wa miaka mingi wa wenye Tusker. Mwaka 2002 East African Breweries ya Nairobi na kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa nyuma ya Tanzania Breweries zilichoka kupigana bei. Kiwanda cha Castle kilichokuwa Thika kikafungwa, cha Kibo kilichokuwa Moshi nacho kikafungwa, na kila upande ukaanza kupika bia ya mwenzake kwake: Castle kwa Wakenya, Tusker kwa Watanzania.

Kilichoruhusu jambo hilo ni karatasi inayoitwa leseni ya alama ya biashara. Mwenye jina habaki tena na mitambo wala mafundi. Anabaki na jina na haki ya kusema namna litakavyotumika. Mwenzake anatengeneza, anauza, na katika kila shilingi inayoingia anamtolea mwenye jina sehemu iitwayo mrabaha.

Mikataba ya kampuni kubwa za bia huandikwa na mawakili wanaolipwa kwa saa. Matatizo niliyoyaona mimi yako chini zaidi, kwa wafanyabiashara wa kati wanaokutana hotelini, wanakubaliana asilimia, wanapeana mikono, halafu wanampelekea wakili vifungu vingine "avijaze." Asilimia ndiyo inayojadiliwa usiku kucha, na vile vya kujazwa ndivyo vinavyowapeleka mahakamani.

Basi tuchukue mfano wa kubuni, lakini tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Mombasa anatengeneza achari ya embe. Jina lake limesajiliwa katika taasisi ya Kenya inayosimamia hakimiliki za viwandani, KIPI, kwa miaka kumi ya kwanza, na linaweza kuongezwa muda wa miaka kumi kila linapokwisha. Achari yake inapendwa Nairobi lakini jiko lake halitoshi. Kiwanda cha Thika chenye mitambo ya kujaza chupa kinataka kuitengeneza kwa jina lake, kwa miaka mitano.

Kitu cha kwanza ambacho mama huyu anapaswa kukiandika si pesa. Ni achari yenyewe. "Bidhaa iwe na ubora wa hali ya juu" ni sentensi nzuri isiyopimika, na kisichopimika hakimfungi mtu. Achari salama ni suala la uchachu. Wataalamu wa vyakula hutumia kipimo cha pH, na chakula kinachohifadhiwa kwa uchachu kinatakiwa kuwa 4.6 au chini yake, kwa sababu juu ya hapo vijidudu vya sumu kali ya botulini vinaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa. Mkataba wa mama unaweza kutaka kila pishi lipimwe na lisizidi 4.0, ili kubaki na nafasi ya usalama. Unaweza kutaja aina ya embe na zivunwe zikiwa mbichi kiasi gani. Unaweza kutaka pilipili ya unga ije na cheti cha maabara kuhusu sumukuvu. Chupa ya kwanza isiuzwe mpaka yeye ameonja na kusaini sampuli. Kila pishi liwe na namba yake kwenye lebo, na chupa mbili za pishi hilo ziwekwe kando kwa muda wote ambao bidhaa haijaisha muda wake, ili mteja akilalamika pawe na cha kulinganisha.

Hayo yote ni karatasi tu kama hakuna anayekwenda Thika kuangalia. Hapa watu wengi hushangaa, kwa sababu wanadhani ukaguzi ni haki ya mwenye jina, akitaka atautumia na asipotaka ataacha. Sivyo. Alama ya biashara inalindwa na sheria kwa sababu inamwambia mnunuzi kwamba nyuma ya jina hili kuna mtu mmoja anayejibu. Mwenye jina akilikodisha kisha akageuka kuangalia kwingine, kile kilichokuwa kinalindwa kimetoweka.

Marekani wana kesi inayoonyesha jambo hili bila huruma. Kampuni moja ya California, Barcamerica, ilikuwa imesajili jina la "Da Vinci" kwa ajili ya mvinyo. Mwaka 1988 ikatoa leseni kwa shamba la mizabibu, na mwaka 1989 ikaandika mkataba mwingine uliompa mwenye shamba haki ya kulitumia jina hilo daima. Katika mikataba yote miwili hapakuwa na kifungu hata kimoja kuhusu ubora. Miaka ikapita. Kumbe Italia, katika mji wa Vinci wenyewe, kulikuwa na ushirika wa wakulima waliokuwa wakiuza mvinyo wao kwa jina la Leonardo da Vinci, na mvinyo huo ulikuwa ukiingia Marekani. Barcamerica ikawashtaki waagizaji.

Mahakamani ikaulizwa: mlikuwa mkiukagua vipi mvinyo uliobeba jina lenu? Jibu likawa kwamba mkuu wa kampuni aliuonja mara chache, bila utaratibu, na kwamba aliyekuwa akiutengeneza alikuwa fundi mwenye sifa. Lakini fundi huyo alikuwa amekwishafariki. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba alama imetelekezwa. Barcamerica ikaipoteza. Na majaji walisema jambo ambalo mama wa achari anapaswa kulikumbuka: haikujalisha kama mvinyo ulikuwa mzuri au mbaya. Swali lilikuwa kama mwenye jina alikuwa na mkono juu yake.

Sheria ya Kenya ina njia yake ya kufika karibu na hapo. Sura ya 506 inaruhusu anayetumia alama ya mwenzake aandikishwe kama mtumiaji aliyesajiliwa, na maombi yanayopelekwa kwa msajili hayaulizi kuhusu pesa. Yanauliza uhusiano wa pande mbili ukoje, mwenye alama atakuwa na udhibiti kiasi gani, ni bidhaa zipi, kwa masharti gani, na kama matumizi yana kikomo cha muda. Akishaandikishwa, matumizi yake yanahesabiwa kuwa ni ya mwenye alama. Hilo si jambo dogo kwa mama ambaye pengine ataacha kabisa kupika achari mwenyewe, kwani alama isiyotumika kwa miaka mitano inaweza kuombewa ifutwe. Kwa lugha nyingine, chupa za Thika ndizo zitakazoiweka hai alama ya Mombasa, mradi uhusiano wao umekaa sawa kisheria.

Ushauri wangu kwa mwenye jina ni kwamba aandike ziara chache atakazozifanya kweli kuliko nyingi atakazoziacha. Mara mbili kwa mwaka, na ripoti ya ukurasa mmoja kila ziara, yenye tarehe na sahihi za pande zote mbili. Siku ya kesi, ukurasa huo una thamani kuliko kifungu chochote.

Sasa pesa. Wamekubaliana asilimia tano, na kila mmoja ameondoka akiamini anajua kiasi chake. Asilimia tano ya nini?

Kiwanda kinauza chupa kwa maduka kwa shilingi 232, ikiwemo VAT ya asilimia 16. Katika robo moja ya mwaka zimetoka chupa 30,000. Ukihesabu kila shilingi iliyoingia, ni 6,960,000, na asilimia tano yake ni 348,000. Mama angependa iishie hapo. Lakini kodi si mapato ya kiwanda. Ni ya serikali, imepita tu mkononi. Ukiitoa, chupa moja inabaki 200 na jumla inakuwa 6,000,000. Chupa 1,000 zimerudishwa na maduka, vifuniko vinavuja, toa 200,000. Supamaketi zimepewa punguzo la asilimia tano, nalo limeandikwa kwenye ankara, toa 290,000. Imebaki 5,510,000, na mrabaha ni 275,500. Hiyo ndiyo hesabu ya haki, na ndiyo mikataba mingi huiita mauzo halisi.

Mhasibu wa Thika, ambaye analipwa kufikiria, anasoma neno "halisi" kwa upana zaidi. Anatoa 400,000 za usafiri. Anatoa 600,000 za matangazo ya redio. Zimebaki 4,510,000 na mrabaha umeshuka hadi 225,500. Hajaiba kitu. Mkataba ulisema "mauzo halisi baada ya gharama za kawaida," na yeye anaziona hizo kuwa za kawaida. Tofauti ya 50,000 kwa robo, kwa miaka mitano, ni shilingi milioni moja, kwa sababu ya maneno matatu. Kwa hiyo kifungu kizuri kinaorodhesha vinavyotolewa, kinasema ni hivyo tu, na kinaweka wazi kwamba usafiri, matangazo, mishahara na madeni yasiyolipwa ni mzigo wa kiwanda.

Kuna mlango mwingine ulio mpana zaidi. Kiwanda kinafungua kampuni ya usambazaji, wenye hisa ni wale wale. Kinaiuzia achari kwa shilingi 120 chupa, nayo inayauzia maduka kwa 200. Kwenye vitabu vya kiwanda mauzo ni 3,600,000 na mrabaha 180,000, na kila namba ni ya kweli. Dawa yake ni sentensi moja: mauzo kwa kampuni yenye uhusiano hayahesabiwi, kinachohesabiwa ni bei ya mnunuzi wa kwanza asiye na undugu na kiwanda.

Mama atajuaje? Atafungua vitabu, na haki ya kufanya hivyo lazima iwe imeandikwa, pamoja na kanuni ya kawaida kwamba upungufu ukizidi asilimia tano, gharama ya mkaguzi inarudi kwa kiwanda. Lakini vitabu vinapikika. Kinachopikika kwa shida zaidi ni lebo. Mama akijiwekea haki ya kuchapisha lebo mwenyewe, au kupata ankara za mchapaji moja kwa moja, atajua kwamba robo hii zimetoka lebo 45,000. Chupa zilizouzwa ni 30,000, zilizo ghalani 6,000, zilizoharibika 1,000. Zile 8,000 ziko wapi? Nakala ya ankara ya mchapaji imewahi kumaliza ubishi ambao wahasibu wawili walishindwa kuumaliza kwa wiki nzima.

Kodi ya zuio nayo itajwe mapema. Kwa mkazi wa Kenya anayelipwa mrabaha, asilimia tano ya malipo hukatwa na kupelekwa kwa mamlaka ya mapato kabla ya yeye kupokea. Kwa asiye mkazi ni asilimia 20. Mama akiwa Mombasa, 275,500 zinafika zikiwa 261,725, na cheti cha makato anapaswa kukidai ili akitumie kwenye hesabu zake za mwaka. Angekuwa amehamia Muscat, pengo lingekuwa kubwa, na ugomvi wa nani alibebe ungeanza na malipo ya kwanza.

Mwaka wa pili mambo yanakwenda vizuri, na kwenda vizuri ndiko kunakoleta tatizo la tatu. Maduka ya Kisumu yanaitaka achari. Kiwanda cha Thika hakitaki kupeleka malori huko, kwa hiyo kinampigia mfungashaji wa Kisumu na kumwambia atengeneze.

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura. Mfungashaji akitengeneza kwa oda ya Thika na kuirudisha bidhaa yote Thika iuzwe huko, yeye ni kibarua tu, anaajiriwa mikono. Akitengeneza na kuuza mwenyewe, kwa jina la mama, amepewa leseni juu ya leseni. La kwanza linahitaji ukaguzi. La pili linahitaji ruhusa ya mama kwa maandishi kabla halijafanyika, na mkataba ukinyamaza, Thika isijipe matumaini: sheria ya Kenya inasema mtumiaji aliyesajiliwa hapati haki anayoweza kumhamishia mwingine. Aliaminiwa yeye, kwa mitambo yake na mafundi wake.

Ruhusa ikitolewa, angalia pesa zinavyokimbia. Kisumu inauza achari ya shilingi 2,000,000 na inailipa Thika asilimia nane, yaani 160,000. Mkataba wa mama unasema atapata asilimia tano ya "mapato ya kiwanda yatokanayo na alama." Mapato ya kiwanda kutoka Kisumu ni zile 160,000. Asilimia tano yake ni 8,000. Chupa hizo hizo zingeuzwa na Thika yenyewe, mama angepata 100,000. Nimesoma mikataba yenye shimo hili zaidi ya mara moja, na kwa kawaida hakuna aliyelichimba kwa hila; liliachwa na mtu aliyeandika "mapato" akifikiria mauzo. Kifungu kinapaswa kusema kwamba mauzo ya mfungashaji yanahesabiwa kana kwamba ni ya Thika, na Thika ijitafutie faida yake juu ya hapo.

Mama pia awe na haki ya kuingia Kisumu mwenyewe na kipima pH chake, bila kupitia Thika. Hana mkataba na mfungashaji, kwa hiyo haki hiyo ni lazima iandikwe kwenye mkataba wa Thika na Kisumu kama sharti la ruhusa. Na iandikwe kwamba leseni ya Kisumu inakufa siku leseni ya Thika inapokufa. Bila hilo atajikuta amemaliza na mmoja, na mwingine aliyemjua kwa simu tu bado anajaza chupa.

Tumefika mwaka wa tano, na hapa ndipo ninapodhani mazungumzo yalipaswa kuanzia. Siku ya kusaini hakuna anayetaka kuzungumzia kuachana, kwa hiyo mwisho huandikwa kwa mstari mmoja: "Muda ukiisha, mpewa leseni ataacha kutumia alama." Ataacha lini? Usiku wa manane, akiwa na chupa 20,000 ghalani na vibao kumi barabarani?

Wenye benki walilifikiria hilo. Barclays ya London ilipopunguza hisa zake Afrika, mwaka 2017, benki zilizobaki chini ya kampuni ya Johannesburg zilipewa miaka mitatu ya kuendelea kutumia jina la Barclays, hadi Juni 2020. Ndani ya muda huo ilibidi kila kadi, kila hundi, kila mashine ya pesa na kila bango libadilishwe. Kampuni mama ikawa Absa mwaka 2018, na Barclays ya Kenya ikaanza kuitwa Absa tarehe 10 Februari 2020, miezi kadhaa kabla ya kikomo. Barclays ilichangia pauni milioni 765 katika kazi nzima ya kutenganisha benki hizo na yake. Ilikuwa ghali, lakini mteja wa Nairobi hakuamka asubuhi na kukuta benki yake haina jina.

Kwa achari, siku 90 zinatosha. Siku ya mwisho ya mkataba mitambo inasimama, na ndani ya wiki moja kiwanda kinampa mama hesabu ya kila chupa na kila lebo iliyobaki, naye anaruhusiwa kwenda kuhesabu. Chupa zilizopo zinauzwa kwa siku hizo 90, kwa mrabaha ule ule na kwa ubora ule ule. Zikiisha siku na chupa bado zipo, mama anaweza kuzinunua kwa gharama ya kutengenezea, au zinaharibiwa na cheti kinatolewa. Lebo zinachomwa.

Lakini mpe mfanyabiashara mwerevu kifungu hicho na atakiona kama mwaliko. Miezi mitatu kabla ya mwisho atajaza ghala mpaka dari, kisha atatumia siku zake 90 kuuza kwa bei ya kutupa. Maduka yatajaa achari ya shilingi 110, na mpewa leseni mpya wa mama, aliyelipa ili aingie sokoni, atakuta hakuna anayenunua kwa 232. Kwa hiyo mkataba uzuie: katika miezi sita ya mwisho uzalishaji wa kila mwezi usizidi wastani wa mwaka uliotangulia, na bei isishuke chini ya kiwango bila kibali. Kama leseni imevunjwa kwa sababu ya kosa la ubora, hakuna siku 90 kabisa. Huwezi kumfukuza mtu kwa achari mbovu kisha ukampa miezi mitatu ya kuiuza.

Halafu kuna vile visivyokaa ghalani. Ukurasa wa Facebook uliofunguliwa na kijana wa mauzo wa Thika, wenye wafuasi wengi, uko kwa jina la nani? Umbo la chupa lililobuniwa njiani? Mapishi, ambayo hayalindwi na usajili wa alama na yanahitaji kifungu chake cha siri? Na ile achari mpya ambayo kiwanda kitaizindua mwezi unaofuata, jina tofauti, lakini lebo ya njano ile ile yenye embe lile lile kwenye kona? Hiyo ya mwisho mama anaweza kuipinga hata bila mkataba, kama bidhaa inayojipitisha kwa sura ya nyingine, ila kesi hiyo inataka ushahidi kwamba wanunuzi wanachanganyikiwa. Sentensi moja inayokataza lebo inayokaribiana kwa miaka miwili ni rahisi zaidi.

Pia aulize mapema kama kuna mtu amesajili jina lake mahali pengine. Usajili wa KIPI unaishia mpakani. Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ina msajili wake, Uganda nayo ina wake, na kiwanda kilichokuwa kikipeleka achari Kampala kwa miaka mitano kinaweza kuwa kilikwishajiandikisha huko kama mwenyewe. Mkataba useme kwamba sifa yote iliyojengwa na chupa hizo, popote zilipouzwa, ni ya mwenye jina, na kwamba kiwanda hakitasajili jina hilo wala linalofanana nalo katika nchi yoyote.

Kazi ya mwisho ni ya ofisini, nayo husahaulika. Jina la kiwanda bado liko kwenye daftari la msajili kama mtumiaji. Lifutwe kwa ombi rasmi, na kiwanda kiwe kimesaini fomu ya kukubali tangu siku ya kwanza, ikae kwenye faili la wakili. Wakati huo huo mama aangalie tarehe ya usajili wake mwenyewe. Kama miaka yake kumi inaisha katikati ya leseni mpya na hakuna aliyepewa jukumu la kuiongeza, atakuwa anamkodishia mtu kitu kinachokaribia kutokuwa chake.